Bolti za siti kava zikigoma kwa kutu

Unayenisikia ukiwa Mngeta, Mchombe, Chita, Mlimba au Ifakara mjini, sogea karibu na redio, na kama kuna fundi hapo nyumbani mwite asikilize pia. Leo tunaingia chooni. Tunazungumza juu ya siti kava ya choo cha kukaa, ile iliyopasuka au kulegea, ambayo unataka kuitoa uweke mpya, na bolti zake zimeshika kutu hata hazizunguki.

Najua wengi wetu huku tunatumia choo cha kuchuchumaa. Lakini choo cha kukaa kimeingia kwenye nyumba za wageni za pale karibu na stesheni ya TAZARA, kimeingia kwenye nyumba za watumishi, na zaidi ya yote kimeingia kwenye nyumba za wazee wetu. Mzee ambaye magoti hayamruhusu tena kuchuchumaa, watoto wake wamejipanga, wamemjengea choo cha kukaa. Baada ya miaka kadhaa siti kava inapata ufa. Ufa ule humbana mzee pajani anapokaa. Bolti moja ikilegea, siti inateleza kando mzee akiwa anainuka, na hapo ndipo watu wanapoanguka na kuvunjika nyonga. Kwa hiyo siti iliyolegea haingojei mavuno ya mpunga. Ni kazi ya wiki hii.

Nitawasimulia kazi ya nyumba moja hapahapa Mngeta, nyumba ya bibi mmoja anayeishi na wajukuu zake. Siti kava yake ilikuwa na ufa upande wa mbele. Bolti ya kulia ilifunguka kwa spana bila shida. Ya kushoto ikakataa kabisa. Mjukuu wake mmoja alikuwa tayari ameshika nyundo na tindo. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, weka chini kwanza. Ukinivunjia sinki, leo nitakwenda wapi?" Bibi alisema kweli. Sinki la choo ni kauri, na kauri haina subira na nyundo. Pigo moja la pembeni linatosha kulipasua, na sinki likipasuka umetoka kwenye kazi ya kubadilisha siti, umeingia kwenye kazi ya kubomoa sakafu.

Basi tushike hili la kwanza, maana nitalirudia: bolti ni ya kukatwa, sinki ni la kulindwa. Kila hatua utakayoichukua, jiulize, je, hii inalinda sinki?

Sasa kwa nini bolti hugoma? Bolti nyingi zinazokuja na siti kava za bei nafuu ni chuma kilichopakwa utando mwembamba unaong'aa. Utando ule ukishachubuka, chuma kinakutana na maji na hewa, na bonde letu lina unyevu mwaka mzima. Ongeza mkojo unaodondoka, ongeza dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo, vyote hivyo vinaharakisha kutu. Na kutu ina tabia moja: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inavimba ndani ya nyuzi, kati ya bolti na nati, mpaka vinabanana vikawa kama kitu kimoja. Ukilazimisha kwa spana, nguvu yako haiendi kwenye nati. Inakwenda kwenye kauri.

Haya, tunaanzaje? Tunaanza kwa kupima, kabla hatujagusa bolti. Utaniuliza, mbona mapema hivyo? Kwa sababu ukishakata, siti ya zamani hairudi tena, na siti kava za madukani hazilingani. Hapa kwetu ukinunua isiyoenea, huenda ukalazimika kuirudisha Ifakara, na mvua ikiwa imenyesha ile barabara unaijua mwenyewe. Wakati huo wote mzee anakaa kwenye kauri tupu.

Vipimo ni viwili tu. Cha kwanza, umbali kati ya matundu mawili ya bolti, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Kwenye masinki mengi ni kati ya sentimita 14 na 16. Cha pili, urefu kutoka kwenye mstari wa matundu hadi ukingo wa mbele wa sinki. Masinki mafupi ya duara huwa kama sentimita 42, na yale marefu kama 47. Na kama huna futikamba, chukua karatasi ya mfuko wa saruji, itandaze juu ya sinki, pitisha kidole ukingoni mpaka karatasi ipate mkunjo, weka alama ya matundu, halafu kata kwa mkasi. Nenda na karatasi ile dukani, ilaze chini ya siti unayoichagua. Kwa nyumba ya bibi tulifanya hivyo, na muuza duka akatoa siti mbili zilizofanana kwa macho. Moja ilipita karatasi kwa vidole viwili.

Ukiwa hapo dukani, tazama bolti zilizomo ndani ya boksi. Chagua za plastiki ngumu, au za chuma kisichoshika kutu kama utazipata. Plastiki watu huidharau. Mimi naisifu, kwa sababu kazi ya bolti hizi ni kuzuia siti isihame. Uzito wa mtu unabebwa na sinki lenyewe.

Tumepima, tumenunua. Sasa turudi chooni, tuipe ile nati nafasi yake ya mwisho. Piga magoti, au ingiza simu chini ya sinki upige picha, uone nati ilivyo. Safisha kwa mswaki wa zamani wa meno. Halafu dondoshea mafuta, yale ya kulegeza kutu kama yapo, au dizeli, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Dondoshea juu na chini, uache usiku kucha, asubuhi uongeze tena. Mafuta haya yanashika moto, kwa hiyo kibatari na sigara vikae mbali, na fungua dirisha.

Baada ya hapo jaribu tena kwa spana inayokaa sawasawa kwenye nati, huku mwenzako ameshika kichwa cha bolti kwa bisibisi. Jaribu taratibu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Utajuaje kwamba umefika mwisho wa kujaribu? Kuna dalili tatu. Nati imeanza kupoteza pembe zake na spana inateleza. Au bolti yote inazunguka pamoja na nati. Au unasikia kauri inalia, mlio mwembamba kama wa kikombe kinachobanwa. Ukiisikia sauti hiyo, ondoa mkono. Mara moja. Hapo hakuna tena kujaribu, hapo ni msumeno.

Msumeno gani? Msumeno wa chuma, ule wenye fremu na bledi nyembamba ya kama sentimita 30. Dukani ukiangalia bledi utakuta imeandikwa namba ya meno kwa kila inchi moja. Kwa bolti hizi chukua ya 24 au ya 32. Meno makubwa yanakwama kwenye chuma chembamba na kukatika. Nunua bledi mbili, kwa maana moja inaweza kuvunjika.

Wengine mtaniambia, fundi wa geti ana grainda, kwa nini nijichoshe? Naomba mnisikilize vizuri hapa. Grainda inakata bolti kwa sekunde chache, ni kweli. Lakini cheche zake zinaunguza ule uso laini wa kauri na kuacha madoadoa yasiyotoka, joto lake linaweza kupasua sinki, na diski ikiteleza tu imeshalichana. Ukiongeza yale mafuta uliyodondoshea jana, una cheche juu ya mafuta ya taa ndani ya chumba kidogo. Grainda ibaki kwenye geti. Na wale wa kuchoma nati kwa moto, hali kadhalika. Kauri ikipata joto upande mmoja inapasuka.

Sasa maandalizi. Osha sehemu yote kwa maji na sabuni, pamoja na mafuta, kisha kausha. Sabuni ya kawaida inatosha. Usimwage asidi ya choo ukidhani itakula kutu, hasa kama umetoka kumwaga dawa ya klorini. Viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na chooni hakuna pa kukimbilia upesi. Vaa glavu ngumu, vaa miwani, hata ya jua ni nafuu kuliko macho matupu, kwa sababu unga wa chuma na vipande vya kutu huruka. Watoto watoke nje. Funika mdomo wa sinki kwa ubao au boksi nene, kusudi kipande kisidondokee ndani.

Kisha ulinzi wa kauri. Kuizunguka bolti bandika tepu, tabaka mbili au tatu. Juu ya tepu laza kipande cha bati jembamba, kama lile la kopo la maziwa, lililokunjwa kingo zisikukate, ukilichonga mpenyo wa kuikumbatia bolti. Bledi itateleza juu ya bati, kauri iko salama chini yake. Hili nalirudia kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio: tepu kwanza, halafu bati, halafu ndipo msumeno.

Tunakata wapi? Nyanyua siti na mfuniko wake, tazama mahali bawaba inapokaa juu ya kauri. Katikati ya bawaba na kauri kuna washa, ya mpira au ya plastiki, yenye unene wa milimita mbili au tatu. Hapo ndipo mlango wa bledi. Bledi inapita kwenye washa kwa urahisi, inakutana na shina la bolti, na shina ndilo unalolikata. Kipande cha chini pamoja na nati yake vitadondoka sakafuni vyenyewe. Huna haja ya kupambana na nati kabisa.

Mara nyingi fremu ya msumeno haiingii pale, tangi la maji linazuia. Basi toa bledi kwenye fremu, uitumie peke yake. Upande utakaoshika, zungushia kitambaa kinene au mpira wa tyubu ya baiskeli, mara kadhaa, uufunge imara. Na meno yaelekee kwako, yaani bledi ikate unapovuta. Bledi tupu ukiisukuma inajikunja, na ikijikunja inakatika, na kipande kinaruka. Ukivuta, inanyooka. Kwa hiyo: vuta kwa nguvu kidogo, rudisha bila nguvu.

Laza bledi sambamba na kauri, uiinamishe kidogo sana kuelekea juu, ikiteleza ile bawaba mbovu ndiyo iumie. Anza kwa mivuto mifupi mpaka upate mfereji, halafu tumia urefu wote wa bledi. Dondoshea tone la oili. Usikimbie. Ukikata haraka bledi inapata moto na meno yanafutika, unabaki kusugua tu. Bolti ya milimita 8 kwa bledi nzuri ni kazi ya dakika chache, tuseme tano hadi kumi kwa mtu asiye na haraka. Unga ukitoka mweusi na wa kung'aa, unakata. Ukiona hakuna unga na mlio umekuwa wa kuteleza, bledi imekwisha, badilisha.

Ile bolti ya kushoto ya bibi ilileta jambo jingine, na huenda kwako likatokea. Tulipoanza kukata, bolti ikaanza kucheza huku na huku na bledi, kwa hiyo hailiki. Dawa yake ni mtu wa pili. Mjukuu akalala chini akaibana nati kwa plaizi ya kujifunga, akaishikilia bila kuivuta wala kuipinda. Bolti ikatulia, bledi ikaingia. Huyu wa chini lazima avae miwani, maana unga unamwangukia yeye.

Ukikaribia kumaliza, sauti inabadilika, inakuwa nyepesi. Punguza nguvu. Mwenzako aishike siti isianguke. Na usije ukashawishika kuivunja bolti kwa kuitingisha kwa sababu imebaki kidogo. Kile kidogo kilichobaki bado kina nguvu ya kupasua kauri. Kikate mpaka mwisho.

Je, na kama hakuna washa, bawaba imelala juu ya kauri moja kwa moja na bledi haipiti? Basi nenda chini, kama kuna nafasi ya mkono. Kata nati yenyewe kutoka chini kwenda juu, sambamba na bolti, upande mmoja wa nati. Ukikaribia nyuzi, nati inaachia na unaweza kuizungusha. Simama kabla hujafika kwenye kauri. Kazi hii ni ngumu zaidi na inachosha mikono. Na kama sinki lako limefunikwa nyuma, mkono hauingii wala nati haionekani, hilo mwachie fundi bomba.

Bolti zimetoka. Sasa okota kila kipande, halafu futa unga wa chuma kwa kitambaa chenye maji. Usiuache, kwa sababu kesho utaota kutu na kuacha madoa ya kahawia juu ya sinki jeupe. Kama una sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni uipitishe. Kisha kausha, washa tochi, uimulike kauri kwa ubavu kuzunguka matundu. Ukiona mstari mwembamba kama unywele ambao kucha inaugundua, huo ni ufa. Sinki lenye ufa mahali pa kukalia asikae mtu, hata kama ni usiku mmoja. Kauri ikivunjika chini ya mtu inakata kama kisu. Na ukijikata wakati wa kazi, osha kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya waangalie kidonda na chanjo yako ya pepopunda.

Kufunga siti mpya ni kazi nyepesi. Washa ya mpira juu, kati ya bawaba na kauri. Washa nyingine chini, kati ya kauri na nati. Chuma kisiguse kauri popote. Kaza nati kwa vidole mpaka vidole vishindwe, weka siti katikati ya sinki, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa spana. Robo tu. Wengi wanapasua sinki katika dakika hii ya mwisho, baada ya kulilinda muda wote. Kaa juu yake, jisogeze kushoto na kulia. Ikihama, ongeza robo nyingine. Kama bolti zako ni za chuma, zipake grisi kwenye nyuzi kabla hujafunga. Baada ya wiki moja ya kutumia, zipime tena kwa vidole, maana washa mpya hujikandamiza na nati hulegea.

Namalizia na swali ambalo mama mmoja aliniuliza: zile bolti zilizokatwa na siti ya zamani zitupwe wapi, maana watoto wanataka kuzitumbukiza kwenye shimo la choo? Hapana, mama. Ncha za bolti zilizokatwa ni kali, na gari la kunyonya likija mpira wake utazimeza au utatobolewa. Zitie kwenye kopo, ukikusanya za kutosha umpe mnunuzi wa chuma chakavu. Siti yenyewe, kama ufa uko mbele tu, toa mfuniko wake uusugue vizuri kwa sabuni, unafaa kufunikia pipa la taka. Muda wetu umekwisha, wasikilizaji wangu. Kwaherini, na bledi muipake mafuta kabla hamjaiweka kabatini.